Barua ya Kushindwa Zabuni: Jibu Swali la Aliyeshindwa

Siku ya kufungua zabuni, bei husomwa kwa sauti mbele ya wote. Tuseme hospitali moja ya umma nchini Kenya inatafuta magodoro 200, na mama mmoja mfanyabiashara ameketi ukumbini, daftari gotini. Bei yake inasomwa: shilingi 1,280,000. Inayoifuata ni 1,420,000, na zilizobaki ziko juu zaidi. Mama anarudi dukani akijua kazi ni yake. Wiki kadhaa baadaye anapokea barua ya mistari miwili: “Tunasikitika kukufahamisha kwamba zabuni yako haikufaulu kwa sababu haikukidhi vigezo. Tunakushukuru kwa kushiriki.”

Mama ana swali moja tu: nimeshindwaje na bei yangu ndiyo ya chini? Kwa kuwa barua haikumjibu, atajijibu mwenyewe, na jibu lake sote tunalijua: “Ile tenda ilikuwa na wenyewe.” Barua haina tusi hata moja, lakini imemwacha na kinyongo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015, katika kifungu cha 87, inamtaka afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi, awaarifu walioshindwa kwa maandishi wakati uleule anapomwarifu mshindi. Kanuni za mwaka 2020, katika kanuni ya 82, zinataja mambo yanayopaswa kuwemo: sababu iliyomwangusha mzabuni huyo, jina la mshindi, bei ya mshindi, na sababu iliyompa mshindi ushindi. Tangu siku ya kuarifiwa, aliyeshindwa ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Zabuni, na mkataba hauwezi kutiwa saini kabla siku hizo hazijapita. Bodi imewahi kubatilisha barua zisizotaja sababu mahususi na kuagiza ziandikwe upya. Kwa hiyo anayeandika mistari miwili ili aokoe muda huenda akaupoteza mwingi zaidi.

Sababu yenyewe mara nyingi si siri. Zabuni hupimwa kwa hatua. Kwanza hutazamwa masharti ya lazima, kama vile cheti cha kutodaiwa ushuru. Kisha hupimwa ubora wa bidhaa. Bei hulinganishwa mwisho, tena kati ya wale tu waliovuka hatua za mwanzo. Bei iliyosomwa ukumbini bado haijapimwa. Mama wa magodoro aliangukia hatua ya pili: hospitali ilitaka sponji yenye uzito usiopungua kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, na ripoti ya maabara aliyoiambatisha mwenyewe ilionyesha kilo 24.

Hili ndilo jambo la kumwambia. Ofisi nyingi za Kenya huandika barua hizi kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni uleule. Tuiandike upya:

“KUH: ZABUNI YA MAGODORO 200 YA WODI

Tunawashukuru kwa zabuni yenu. Baada ya tathmini, zabuni hiyo haikufaulu.

Zabuni yenu ilitimiza masharti yote ya lazima. Katika hatua ya ubora, sharti la 4, ukurasa wa 18 wa hati ya zabuni, lilitaka sponji yenye uzito usiopungua kilo 30 kwa mita ya ujazo. Ripoti ya maabara mliyowasilisha, ukurasa wa 31 wa zabuni yenu, inaonyesha kilo 24. Kwa sababu hiyo zabuni yenu haikuendelea hadi hatua ya kulinganisha bei, ingawa bei yenu ya shilingi 1,280,000 ndiyo iliyokuwa ya chini kabisa siku ya ufunguzi.

Mshindi ni kampuni ya (jina), kwa shilingi 1,420,000. Zabuni yake ilitimiza masharti yote, na bei yake ndiyo ya chini kati ya zabuni zilizofika hatua ya mwisho.

Msiporidhika, mnaweza kuomba mapitio kwa Bodi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Kwa ufafanuzi, wasilianeni na ofisi ya ununuzi.”

Uamuzi uko juu, ili mama asisome nusu ukurasa wa pole huku roho ikidunda. Kisha barua inataja alichofanya vizuri. Huko si kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni kumwambia kwamba karatasi zake za ushuru na usajili hazina kasoro, asihangaike nazo safari ijayo. Sababu imepewa sehemu tatu: kilichotakiwa, kilicholetwa, na ukurasa wa kila kimoja. Mwisho inakuja ile sentensi yenye neno “ingawa”. Mwandishi mwoga angeliruka jambo la bei akidhani ataamsha waliolala. Lakini mama hajalala. Alikuwa ukumbini, na aliandika bei zote.

Yapo pia ya kuachwa nje. Bei na jina la mshindi hutajwa, lakini hesabu zake za ndani, kama bei anayonunulia kiwandani, ni siri yake. Usiongeze kosa ambalo kamati haikuliandika katika ripoti yake, hata kama umelibaini wewe mwenyewe baadaye, kwa maana tathmini hufuata vigezo vilivyokuwa ndani ya hati ya zabuni tu. Usimuahidi kwamba “mwakani mambo yatakuwa mazuri”. Huna mamlaka hayo, naye anaweza kuishika ahadi. Na tarehe ya barua iwe ndiyo siku inapotumwa. Barua iliyoandikwa tarehe 3 ikalala mezani hadi tarehe 12 inaonekana kama njama ya kumla mtu siku zake za kulalamika.

Huenda mwandishi akakaa kuandika sababu, akapekua hati ya zabuni, asiuone ukurasa wenye sharti hilo. Au akauona, lakini ripoti ya kamati inasema tu “hakuridhisha”. Hapo ugonjwa uko kwenye tathmini, na barua haiwezi kuutibu, hata ipambwe kwa heshima kiasi gani. Ndiyo maana inafaa rasimu za barua ziandaliwe mapema, wakati mkuu wa ununuzi anapotayarisha maoni yake ya kitaalamu kwa afisa mhasibu, kabla uamuzi haujatolewa. Sababu isiyoandikika kwa sentensi mbili zenye namba za kurasa irudishwe ichunguzwe wakati bado inaweza kusahihishwa.

Turudi kwa mama. Amepata barua ya pili, na hasira bado ipo, maana shilingi milioni moja na ushei si mchezo. Lakini sasa ana namba mkononi. Anampigia simu mwenye kiwanda na kumuuliza bei ya godoro la kilo 30. Sponji huuzwa karibu kwa uzito wake, hivyo bei inapanda. Anapiga hesabu upya kwa magodoro 200, na anaona kwamba ile tofauti ya shilingi 140,000 aliyojivunia ukumbini ilikuwa ndani ya sponji nyepesi. Sasa anaweza kuamua mwenyewe kama aende kwa Bodi, ashindanie zabuni ijayo kwa godoro zito, au abaki kuwauzia wateja wake wa mtaani lile la kilo 24.