Kwa nini bia hunuka siagi au mahindi ya kuchemsha

Bia ya laga inayonuka siagi au mahindi ya kuchemsha si lazima iwe imetiwa vitu hivyo. Kila harufu ina chanzo chake.

Ya mahindi hutokana na dimethili salfaidi, kwa kifupi DMS. Kimea cheupe cha shayiri kina kiini kinachogeuka kuwa DMS kwa joto. Kwa hiyo maji ya kimea huchemshwa kwa dakika 60 hadi 90, mvuke ukiachwa utoke nayo. Kisha hupozwa haraka, kwani yakikaa na moto bila kuchemka, DMS huendelea kuzalika lakini haitoki.

Harufu ya siagi ni ya diasetili, ambayo huja wakati wa kuchachusha. Hamira hutoa kiini chake, nacho hugeuka polepole kuwa diasetili. Baadaye hamira hiyo hiyo huifyonza na kuiondolea harufu, ila kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 12 hufanya hivyo taratibu. Ndiyo sababu uchachushaji ukikaribia kwisha, joto hupandishwa hadi nyuzi 16 hivi kwa siku mbili au tatu.

Kabla ya kuondoa hamira, mtengenezaji huchukua sampuli mbili. Moja hufunikwa, hupashwa hadi nyuzi 60 kwa dakika 20, kisha hupozwa. Ikinuka siagi ilhali ya pili hainuki, kiini bado kimo, na bia husubirishwa. Ikichujwa mapema, siagi itajitokeza chupani, ambamo hamna tena hamira ya kuiondoa.