Njaa ya Saa Mbili Usiku

Keshia mmoja wa duka la jumla ameamua kupunguza mwili. Asubuhi anakunywa chai ya rangi kavu, mchana anakula yai moja na kachumbari, na mpaka jioni anajiona ameweza. Saa mbili usiku, wakati ameshakula ugali na mchicha na ameshiba kabisa, anajikuta anafungua pakiti ya karanga za kukaanga na soda baridi. Kesho yake anajilaumu na kubana chakula zaidi, na usiku mambo ni yale yale.

Watu wengi watamwambia hana msimamo. Mimi sikubaliani nao. Kilichomshinda ni njaa ya hisia, na hiyo ina dalili zake. Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali chakula chochote kilichopo, na mtu akishiba huisha. Njaa ya hisia huja ghafla, hutaka kitu maalumu, mara nyingi chenye sukari, mafuta au chumvi, na haijali kama tumbo limejaa. Kipimo chepesi ni kujiuliza: je, sasa hivi ningekula wali na maharage ya mchana yaliyobaki? Kama jibu ni hapana, ni karanga tu, huenda tumbo halihusiki.

Keshia wetu anaanza na daftari. Kwa wiki moja, kila anapokula nje ya mlo anaandika saa, alichokula, kilichotokea kabla yake, na njaa yake kuanzia 0 hadi 10. Kalori haziandiki kwanza, maana anachotafuta ni chanzo. Wiki ikiisha anaona mambo mawili ambayo hakuyajua. Siku ambazo hesabu za duka hazikulingana na bosi akafoka, alikula haraka haraka, amesimama jikoni, njaa ikiwa 2. Jumapili, bila ugomvi wowote, alikula taratibu mbele ya televisheni kuanzia saa tisa mpaka giza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa sababu tiba ya moja haiponyi nyingine. Mtu akishtuka, hamu ya kula hupungua kwa muda. Msongo ukiendelea siku baada ya siku, mwili huzidi kutoa homoni ya kotisoli, ambayo huchochea hamu ya kula, hasa vyakula vyenye sukari na mafuta. Anayekula kwa msongo anahitaji kitu cha kumtuliza. Keshia anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kutembea kwa haraka dakika 15, au anaoga kabla ya kuingia jikoni, au anampigia dada yake na kumweleza yaliyotokea. Mwenye kuboeka hahitaji kutulizwa, maana ametulia kupita kiasi. Huyo anahitaji shughuli ya mikono na akili: kusuka, kufua, kushona, kucheza bao na jirani. Kuvuta pumzi ndefu Jumapili alasiri hakutamsaidia.

Badala hiyo ipangwe mapema na iwe na saa yake: "Nikifunga hesabu nimekasirika, nitashuka kituo cha kabla." Kuamua wakati hamu imeshapanda ni kuchelewa. Hamu yenyewe mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa, hivyo kazi ni kuvuka kipindi hicho huku karanga zikiwa hazipo karibu.

Sasa mafuta ya mwili. Gramu 50 za karanga zina takriban kalori 280, na soda ya mililita 300 kama 130, jumla 410. Akiacha hivyo usiku tano kwa wiki, amepunguza kalori 2,000 hivi, ambazo kwa hesabu ya karatasi ni kama robo kilo ya mafuta. Mizani haitafuata hesabu hiyo sawasawa, kwani maji ya mwili hupanda na kushuka. Lakini kiasi hicho kinamruhusu kurudisha chakula cha mchana cha kweli, wali kiasi na maharage au samaki na mboga. Kurudisha mlo huo ni lazima, kwa sababu aliyeshinda na yai moja anafika usiku na njaa mbili, na hawezi tena kuzitofautisha. Usingizi nao uangaliwe, maana kulala kidogo huongeza hamu ya kula.

Usiku utakaomshinda, mlo unaofuata uliwe kama kawaida, kwa saa yake. Kuuruka ni kurudi kwenye mzunguko ule ule. Na kama mtu anakula chakula kingi mno kwa muda mfupi, anahisi hawezi kujizuia, na hali hiyo inamrudia kila wiki kwa miezi, au anajitapisha baada ya kula, asijaribu kupunguza mwili peke yake. Hayo ni maradhi yenye tiba, na mahali pa kuanzia ni kwa daktari au mshauri wa afya ya akili.