Siku 10 za Makundi, Pete na Uga

Mtihani wa mwisho wa aljebra dhahania una mada tatu, na kila mada ina namna yake ya kuuliza. Swali la makundi kwa kawaida humtaka mtahiniwa athibitishe jambo. La pete humtaka ajue maana kwa undani, kisha atoe mfano unaoangusha dai fulani. La uga humpa polinomia na kumwambia akokotoe. Anayezigawa siku zake sawasawa kwa mada hizo huwa amefuata mpangilio wa daftari lake, akasahau karatasi ya mtihani.

Ndiyo maana siku ya kwanza haifai kutumika kusoma. Ni siku ya kukusanya mitihani ya nyuma na kuandika, pembeni ya kila kipengele, alama zake na kitenzi chake: thibitisha, toa mfano, kokotoa. Tuchukue karatasi ya maswali matano yenye alama 20 kila moja: mawili ya makundi, mawili ya pete, moja la uga. Alama za makundi na pete zinalingana, lakini uthibitisho huiva polepole kuliko ukokotozi. Mgawanyo unaofaa hapo ni siku 4 za makundi, 3 za pete na 1 ya uga, kisha siku ya mwisho ya kufanya karatasi nzima kwa saa. Siku moja ya uga inaonekana haba. Sababu yake itajitokeza mbele kidogo.

Katika makundi, swali linalopendwa na watunzi ni lile linalotegemea kanuni alizozichapisha Ludwig Sylow, mwalimu wa sekondari wa Norwe, mwaka 1872. Thibitisha, swali husema, kwamba kila kundi lenye elementi 15 ni la mzunguko, yaani elementi moja inatosha kuzizalisha zote. Idadi ya vikundi vyenye elementi 5 lazima iwe kigawo cha 3, na ikigawanywa kwa 5 ibaki 1. Vigawo vya 3 ni 1 na 3, na 3 inakataa sharti la baki. Kwa hiyo kikundi hicho ni kimoja tu. Idadi ya vikundi vyenye elementi 3 ni kigawo cha 5, na baki iwe 1 ikigawanywa kwa 3. Namba 5 inaacha baki 2, hivyo napo panabaki kikundi kimoja. Vikundi viwili vya pekee namna hiyo, vinavyokutana kwenye elementi tulivu tu, hulazimisha kundi zima kuwa la mzunguko.

Aliyekariri hatua hizo huanguka swali likibadilishwa kuwa elementi 21. Vikundi vya elementi 3 sasa vinaweza kuwa 7, kwa sababu 7 ikigawanywa kwa 3 inabaki 1. Na kweli lipo kundi la elementi 21 ambamo kubadili mpangilio wa kuzidisha hubadili jibu. Siku zile 4, basi, zitumike kurudia hoja ileile kwa 15, 21, 33 na 39, kila mara mwanafunzi akiangalia hoja inavunjikia wapi. (Kwa 33 inasimama, kwa 39 inavunjika.)

Pete na uga hukutana kwenye swali dogo ambalo huwapotosha wengi: jenga uga wenye elementi 4. Jibu la haraka ni namba 0, 1, 2 na 3 kwa hesabu ya baki za 4. Si sahihi. Humo 2 mara 2 ni 0, na katika uga vitu viwili visivyo sifuri havizai sifuri.

Njia yenyewe inaanzia kwenye pete ya polinomia ambazo namba zake ni 0 na 1 tu, ambako 1 + 1 = 0. Chukua x² + x + 1. Ukiweka 0 unapata 1, ukiweka 1 unapata 1 tena. Haina kipeuo, na kwa kuwa ni ya digrii 2, haivunjiki. Ite a kipeuo chake kipya: a² = a + 1. Elementi ni 0, 1, a na a + 1, na a(a + 1) = a² + a = 1, hivyo kila isiyo sifuri ina kinyume chake. Karibu kazi yote hiyo ni ya pete, na ndiyo iliyoufanya uga utosheke na siku moja. Kozi ikifika kwenye nadharia ya Galois, mgawanyo huu haufai tena: uga uongezwe siku, zikitolewa kwenye makundi.

Kosa la kuwinda siku hiyo ni kudhani kwamba polinomia isiyo na kipeuo haivunjiki kamwe. Hilo ni kweli kwa digrii 2 na 3 pekee. Katika namba zilezile 0 na 1, x⁴ + x² + 1 haina kipeuo, lakini ni (x² + x + 1)².