Chifu hapendwi wala si Mheshimiwa

Hapa Gatina, watu wakishajua umetoka Mombasa basi wewe ndiye karani wa ploti. Juzi jirani yangu alinibishia hodi na barua aliyorudishiwa na afisi moja ya serikali. Mtaro wa nyuma ya nyumba zetu umeziba, maji machafu yanaingia vyumbani, naye kaandika juu: "Mpendwa Mheshimiwa Chifu." Chini kamaliza: "Wako akupendaye." Karani alicheka, akamwambia apeleke kwingine, ila kwingine kwenyewe hakumwambia.

Nilianza na hilo "mpendwa". Limetoka katika Kiingereza, ambako barua ya kiserikali hufunguliwa kwa "Dear Sir" hata kama mwandishi anamchukia anayemwandikia. Mle neno hilo limeshapoteza mapenzi, limebaki mlango tu. Kwa Kiswahili bado lina mapenzi, ndiyo maana humwendea shangazi au rafiki. Afisa huandikiwa "Kwa Bwana" au "Kwa Bi", na kama hujui ni mume au mke, "Kwa Bw/Bi".

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na mlango wao. Barua ya hati za Kiarabu kwa liwali ilianza kwa "Ila janabi", zikafuata sifa, jina na salamu, kisha "wa baadu" ndipo haja itajwe. Daraja ya mtu ilionekana katika sifa: kadiri alivyokuwa mkubwa ndivyo zilivyorefuka. Barua ya leo imezifupisha sifa hizo zote kuwa neno moja, na neno lenyewe hufuata kiti.

Kenya, "Mheshimiwa" ni wa mbunge, mwakilishi wadi, gavana, waziri na Rais; mahakamani ni wa jaji, hakimu na kadhi. Chifu, naibu wake, na hata kamishna wa kaunti ni watumishi wa utawala, hao ni Bwana au Bi. Wengine humwongezea chifu uheshimiwa kwa kumwogopa, na sidhani kama wapo machifu wanaokataa, lakini anayeisoma barua hujua papo hapo kwamba mwandishi hana hakika anamwandikia nani. Kwa Rais tuliozea "Mtukufu" enzi za Moi. Siku hizi "Mheshimiwa Rais" yatosha. Gavana naye kwa Kiingereza huitwa "Your Excellency", ila kwa Kiswahili ni "Mheshimiwa Gavana", na hapungukiwi na kitu.

Kosa kubwa la jirani yangu lakini lilikuwa anwani. Chifu ni wa serikali ya kitaifa. Mitaro ya maji na takataka, kwa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo tuliiandika upya kwa Msimamizi wa Wadi, Wadi ya Gatina, tukataja cheo bila jina, kwa sababu afisa akihamishwa kesho barua ibaki ya afisi. Baada ya "Kwa Bw/Bi" tukaweka "KUH: MTARO ULIOZIBA", tukataja mahali na tangu lini. Mwisho kabisa, chini ya sahihi: "Nakala kwa: Mhe. Mwakilishi Wadi, Gatina." Mheshimiwa huyo hapokei ombi, anajulishwa tu. Lakini msimamizi akiliona jina la kiti hicho pale chini, barua huwa nzito kidogo kuifungia mtotoni.

Kumalizia tuliandika "Wako mwaminifu". Kiswahili hakibadiliki hapa: afisa awe mdogo au mkubwa, uaminifu ni ule ule. Kiingereza ndicho chenye mtego. Ukianza "Dear Sir" au "Dear Madam", bila jina, unafunga kwa "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina lake la ukoo unafunga kwa "Yours sincerely". Ukichanganya hukamatwi, ila wanaosoma barua mia kwa siku huliona kosa hilo kabla ya kuiona haja yako. Na usianze kwa Kiingereza ukamalizia kwa Kiswahili, chagua moja.

Angekuwa mwalimu anayemwandikia Katibu Mkuu wa wizara, kungekuwa na mstari mwingine chini ya anwani: "Kupitia: Mwalimu Mkuu." Mtumishi hamruki mkubwa wake; barua humfikia huyo kwanza, akatia sahihi, ikaendelea. Mwananchi wa kawaida hana wa kumpitia, isipokuwa fomu yenyewe iseme ipite kwa chifu.

Tulichapa nakala mbili kwenye saiba ya jirani. Moja ilibaki kwa msimamizi. Ya pili nilimwambia asiondoke nayo mezani mpaka igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sasa imo kwenye bahasha moja na risiti zake za kodi ya nyumba.