Umande Unaojificha Ndani ya Ukuta

Ukuta wa chumba cha baridi cha samaki jijini Dar es Salaam unaweza kuwa mkavu nje na ndani, huku katikati ukilowa. Jicho halifiki huko. Hesabu fupi inafika.

Tuchukue hewa ya nje kuwa nyuzi 32, na ya ndani nyuzi 2. Ukianzia nje kuna tofali za kuchoma, unene sentimita 18. Kisha povu gumu jeupe, lile la maboksi ya samaki, sentimita 10. Mwisho lipu ya sentimita 2. Kila tabaka lina ukinzani wake, yaani unene ukigawanywa kwa wepesi wa kitu hicho kupitisha joto: R = L/k. Kwa mita moja ya mraba, tofali zinatoa 0.30, povu 2.50 na lipu 0.02. Hewa inayogusa ukuta nayo huzuia kidogo, 0.05 nje na 0.13 ndani, ingawa wengi huisahau. Joto linalazimika kupita kote huko kwa zamu, kwa hiyo ukinzani hujumlishwa: 3.00.

Gawa tofauti ya nyuzi 30 kwa 3.00, upate wati 10. Hali ikishatulia, wati hizo hizo 10 hupita katika kila tabaka. Hakuna linalojiwekea akiba. Ukizidisha 10 kwa ukinzani wa tabaka, unajua limeshusha nyuzi ngapi. Hewa ya nje inashusha nusu nyuzi na tofali 3, kwa hiyo tofali na povu zinakutana kwenye nyuzi 28.5. Povu peke yake linashusha 25, na upande wake wa pili ni nyuzi 3.5.

Hapo ndipo shida ilipo. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikipoa hadi karibu nyuzi 27. Kwenye mpaka wa tofali na povu bado kuna usalama, lakini milimita 6 tu ndani ya povu usalama umekwisha. Mvuke ukipenya, unageuka maji humo humo.

Maji hupitisha joto kuliko povu kavu. Tuseme povu limelowa hadi ukinzani wake ukabaki nusu, 1.25. Jumla inakuwa 1.75, na joto linaloingia linapanda hadi wati 17. Mpaka wa tofali na povu sasa ni nyuzi 26, chini ya umande, nao unaanza kulowa. Mwenye chumba ataona tu kompresa inafanya kazi muda mrefu kuliko zamani.

Hesabu hii haihesabu skrubu za chuma wala maungio yaliyoachwa wazi, ambako joto hupata njia ya mkato. Hata hivyo inatosha kuamua pa kuweka karatasi ya nailoni ya kuzuia mvuke: upande wa joto, kati ya tofali na povu, kamwe si nyuma ya lipu. Anayejenga aikague kabla povu halijabandikwa.