Nakala ya Kusomea na Seva ya Akiba

Katika hifadhidata, seva kuu hupokea mabadiliko yote: kuongeza, kurekebisha na kufuta rekodi. Wasomaji wakiwa wengi, nakala ya kusomea huwekwa kwenye seva nyingine ili kupunguza mzigo. Kwa kawaida seva kuu haiisubiri nakala hii; huthibitisha badiliko huku ikilituma. Muda ambao nakala iko nyuma ya seva kuu huitwa uchelewaji wa nakala.

Mfano: Mzazi analipa karo ya shilingi 50,000. Seva kuu inathibitisha malipo saa 4:00:00 asubuhi, nakala ikiwa nyuma kwa sekunde 5. Akiangalia salio saa 4:00:02 kupitia nakala, ataona deni la zamani, na huenda akalipa tena. Kuepuka hilo, salio la aliyetoka kulipa lisomwe kwenye seva kuu.

Je, seva kuu ikizimika saa 4:00:02 na nakala hiyo ikafanywa kuu? Malipo hayatakuwemo, kwa kuwa hayajaifikia. Ndiyo maana Amazon RDS, katika mpango wa Multi-AZ, huweka pia seva ya akiba. Badiliko huthibitishwa baada tu ya kuandikwa pande zote mbili, hivyo uandishi huchelewa kidogo. Seva kuu ikifa, akiba huchukua nafasi yake bila kuamriwa na mtu, kwa kawaida ndani ya sekunde 60 hadi 120.

Kumbuka: Rekodi iliyofutwa kimakosa hufutika kwenye akiba pia.