Mkojo Unaobaki Kibofuni

Mzee wa miaka 68 huamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Husimama chooni kitambo kabla mkojo haujaanza, nao ukija huja kinyonge, hukatika, kisha humalizikia matone kwenye suruali. Akirudi kulala bado anahisi haja. Altrasaundi inaonyesha tezi dume ya mililita 60, wakati ya kijana huwa kama 20. Ndugu wakisikia ukubwa huo hushtuka. Mimi ningetazama zaidi mstari mwingine wa karatasi ileile: baada ya kukojoa, kibofuni kumebaki mililita 180.

Tezi hii imezunguka njia ya mkojo chini tu ya kibofu, na ikikua inaibana. Kiasi cha kubana hakifuati ukubwa wake. Wapo wenye tezi kubwa wanaokojoa vizuri, na wapo wenye ndogo waliozibwa kabisa. Kibofu hujikaza kusukuma, misuli yake hunenepa, na miaka ikipita huchoka. Mkojo uliobaki hukaribisha maambukizi na mawe, na ukizidi huweza kuharibu figo. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ila viwili hivyo vyaweza kukaa katika tezi moja, ndiyo maana daktari hupapasa kwa kidole na kuagiza kipimo cha damu cha PSA.

Mzee wetu ataanzishiwa tamsulosini, miligramu 0.4 kila siku. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huja ndani ya siku au wiki chache. Asimame polepole, maana huleta kizunguzungu. Na akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amweleze daktari wa macho kwamba anaitumia. Kwa tezi kubwa kama yake huongezwa finasteridi, ambayo huinywesha taratibu kwa miezi sita au zaidi. Dawa hii hushusha PSA kama nusu, hivyo asiyeitaja anaweza kupewa jibu la kutuliza lisilo la kweli.

Akizibwa ghafla, pengine baada ya kumeza dawa fulani za mafua, atawekewa mpira wa mkojo hospitalini. Akishindwa kukojoa hata baada ya mpira kutolewa, au figo zikianza kuumia, upasuaji huwa hauepukiki. Kwa tezi ya mililita 60, daktari anaweza kupitisha kifaa chenye kamera kwenye uume na kuikwangua kwa ndani bila kupasua tumbo. Zile kubwa zaidi ya 80 mara nyingi hutolewa kwa kupasua chini ya kitovu, au kwa leza pale ilipo. Mpira hubaki siku chache huku maji yakisafisha damu. Nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, lakini shahawa nyingi huingia kibofuni badala ya kutoka nje, jambo ambalo wengi hawaelezwi mapema. Na aliyechelewa mpaka kibofu kikachoka anaweza kufunguliwa njia, mkojo ukaendelea kutoka taratibu.